Barua ya Kuomba Kompyuta Mpakato Bora Kazini: Kupima Kwanza, Kuandika Baadaye

Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliopita nililisikiliza somo la barua rasmi mara saba, katika madarasa mbalimbali. Mara zote saba umbo la barua lilifundishwa vizuri. Wanafunzi walijua mahali pa anwani ya mwandishi na pa anwani ya mwandikiwa, walijua kuandika tarehe, na hakuna aliyesahau kupigia mstari kichwa cha habari. Lakini nilipozisoma barua zenyewe, niliona kwamba kiini chake kilikuwa kitupu. Mwandishi aliomba, akasihi, akashukuru, ila hakumpa mwandikiwa jambo lolote ambalo mtu anaweza kulifanyia uamuzi.

Makala haya yanaeleza namna nilivyojaribu kuiondoa kasoro hiyo kwa kutumia barua ya aina moja tu: barua ya mfanyakazi anayemwomba meneja wake kompyuta mpakato iliyo bora zaidi. Niliichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wa wanafunzi wetu watakaoajiriwa watahitaji kuiandika siku moja. Pili, ni barua ambayo hoja yake inaweza kupimwa kwa saa ya mkononi. Mwenye kuomba chombo cha kazi anadai kwamba chombo alicho nacho kinampotezea muda. Hana budi, basi, aseme ni muda gani, katika kazi gani, na kwa sababu gani.

Barua iliyokataliwa

Ndugu yangu mmoja ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi. Aliniruhusu kuitumia darasani barua aliyomwandikia meneja wake, mradi nisitaje jina lake wala la kampuni. Kiini cha barua kilikuwa hivi:

«Naomba kununuliwa kompyuta mpakato mpya ya kisasa kwa kuwa niliyo nayo ni ya zamani, nzito, na inanisumbua mno katika utendaji wangu wa kazi. Wafanyakazi wa idara nyingine wamekwisha kununuliwa kompyuta nzuri. Naamini nikipata kompyuta bora nitafanya kazi kwa ufanisi mkubwa zaidi.»

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, nalo lilikuwa fupi: ombi limepokelewa, lakini kompyuta uliyo nayo inafanya kazi.

Niliwauliza wanachuo kama meneja huyo alikuwa mkaidi. Wengi walisema ndiyo. Nikawataka wakae katika kiti chake na kuisoma barua upya, sentensi kwa sentensi. Hapo mambo yakabadilika. «Ya kisasa» ina maana gani? Meneja hawezi kwenda dukani akaagiza usasa. «Nzito» ni uzito wa kilo au uzito wa mwendo? «Inanisumbua» ni habari ya moyo wa mwandishi, si habari ya kazi. Sentensi ya pili inalinganisha watu badala ya kulinganisha kazi, na meneja akiisoma ataona wivu. Sentensi ya tatu ni ahadi isiyo na kipimo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo barua haikulisema kabisa, nalo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Mhasibu huyu alikuwa akiibeba kompyuta nyumbani kila mwisho wa mwezi na kuimaliza taarifa ya mauzo usiku, watoto wakiwa wamelala. Taarifa ilifika tarehe 5, mara nyingi kwa wakati, na meneja aliona kwamba kila kitu ni shwari. Bidii yake ndiyo iliyouficha ubovu wa chombo. Kwa hiyo meneja alipojibu kwamba kompyuta inafanya kazi, alisema kweli kwa kadiri ya alivyojua.

Hatua ya kwanza: kupima

Tulikubaliana kwamba barua ya pili isiandikwe kabla ya siku tano za kazi kupita. Katika siku hizo mhasibu aliweka karatasi kando ya kompyuta yake, yenye safu nne: kazi aliyokuwa akifanya, saa alipoanza kungoja, dakika alizongoja, na alichokifanya wakati akingoja. Wanachuo wengi waliiona safu ya nne kuwa ya bure. Tutaona baadaye kwamba ndiyo iliyoshinda.

Kabla ya kuanza kupima alifanya usafi ambao mwangalizi yeyote angemtaka aufanye. Alifuta programu asizozitumia, akazizuia zile zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka, na akaiwasha upya. Hili ni la lazima. Asipolifanya, jibu la kwanza atakalopewa ni kwamba akaisafishe kompyuta yake kwanza, na vipimo vyote vitakuwa vimepotea.

Kusubiri kwake kulikuwa kwa aina tatu. Asubuhi, tangu kubonyeza kitufe hadi kuweza kuandika, zilipita dakika 9 hadi 11. Faili la mauzo, lililoandikwa kwa programu ya Excel na lenye mistari karibu 60,000, lilichukua dakika 4 kila lilipofunguliwa, naye hulifungua mara tatu au nne kwa siku. Na kila alipofungua faili hilo pamoja na orodha ya bohari ili azilinganishe, kompyuta iliganda, wakati mwingine hadi ikabidi izimwe kwa nguvu.

Jumla za siku tano zilikuwa hizi: Jumatatu dakika 41, Jumanne 36, Jumatano 52, Alhamisi 38, Ijumaa 43. Zote pamoja ni dakika 210, yaani wastani wa dakika 42 kwa siku.

Hatua ya pili: kutafuta chanzo

Muda uliopotea ukishajulikana, bado haijulikani kwamba mwizi ni kompyuta. Huenda ni mtandao wa ofisi, na kompyuta mpya haitauponya mtandao. Jaribio lake ni rahisi. Faili la mauzo lilikuwa likihifadhiwa katika mashine kuu ya ofisi. Mhasibu alilinakili ndani ya kompyuta yake mwenyewe na kulifungua kutoka humo. Bado lilichukua dakika 4 kasoro kidogo. Basi mtandao haukuwa na hatia. Kisha alilifungua faili hilohilo katika kompyuta ya mwenzake wa meza ya pili, yenye programu ileile, nalo likafunguka kwa nusu dakika.

Iliyobaki ni kuitazama kompyuta yenyewe ikiwa kazini. Katika kompyuta zinazotumia Windows, mtu akibonyeza Ctrl + Shift + Esc na kuchagua ukurasa wa Performance, ataona kiasi cha kumbukumbu kinachotumika katika mstari wa Memory na shughuli ya diski katika mstari wa Disk. Mhasibu alifungua mafaili yake mawili na kutazama. Kumbukumbu ilikuwa imejaa zaidi ya asilimia 90 ya gigabaiti 4 zilizomo, na diski ilisimama kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa.

Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili kwa mfano wa karani mwenye meza na kabati. Kumbukumbu ni meza: vitu vilivyo juu yake vinashikika mara moja. Diski ni kabati lililo mwisho wa chumba. Meza ikiwa ndogo, karani hulazimika kurudisha daftari moja kabatini kila anapotaka kufungua jingine, na siku yake huishia njiani kati ya meza na kabati. Na kama kabati lenyewe ni diski ya zamani yenye sahani inayozunguka, kila safari ni ndefu. Diski ya elektroniki, isiyo na kitu kinachozunguka, hufupisha safari hizo mara nyingi.

Mfano huu unazaa swali ambalo meneja mwangalifu hatakosa kuliuliza: kwa nini tusiongeze meza na kubadili kabati, badala ya kununua ofisi nzima? Mwandishi hana budi kulijibu kabla hajaulizwa. Mhasibu alimwomba fundi wa kompyuta wa kampuni amwandikie taarifa ya nusu ukurasa. Fundi aliona kwamba diski inaweza kubadilishwa, lakini kumbukumbu imechomelewa kwenye bodi na haina nafasi ya kuongezwa. Betri ilidumu dakika 12 tu umeme ulipokatika. Tena, kichakato cha kompyuta hiyo hakimo katika orodha ya vile vinavyokubaliwa na Windows 11, ilhali huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta inayoshika hesabu za kampuni huku haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama ni jambo ambalo meneja anapaswa kuliamua kwa macho yaliyo wazi.

Hatua ya tatu: hesabu ya haki

Hapa ndipo wanachuo wengi walipoteleza. Mmoja alichukua siku iliyokuwa mbaya kuliko zote, dakika 52, akaizidisha kwa siku 30, akapata muda wa saa 26 kwa mwezi. Hesabu ya namna hiyo huanguka kwa swali moja tu, kwa sababu ofisi haifanyi kazi siku 30 na kila siku si Jumatano. Ikishaanguka, huanguka na barua yote.

Tulianza na wastani, dakika 42. Kisha tukaitazama safu ya nne. Asubuhi, kompyuta ikijiwasha, mhasibu alikuwa akipanga stakabadhi za jana. Muda huo haukupotea. Kwa wastani ulikuwa dakika 10 kwa siku, nasi tukazitoa, zikabaki 32. Halafu tukakumbuka kwamba hata kompyuta nzuri humngojesha mtu. Kazi zilezile katika kompyuta ya mwenzake zilikula dakika 6 kwa siku. Tukazitoa pia, zikabaki 26. Hizo 26 ndizo dakika ambazo kompyuta bora ingezirudisha kwa kweli.

Kwa mwezi wa siku 22 za kazi, dakika 26 mara 22 ni dakika 572, yaani muda wa saa 9 na dakika 32. Siku ya kazi ni ya saa 8. Hivyo, kila mwezi kampuni inamlipa mhasibu kwa siku moja na zaidi ambayo anakaa akitazama kioo.

Kwa ajili ya zoezi tulichukua mshahara wa shilingi 880,000 kwa mwezi, ambao ukigawanywa kwa siku 22 za saa 8 unatoa shilingi 5,000 kwa saa. Muda unaopotea kwa mwaka ni dakika 6,864, au saa 114 na dakika 24. Thamani yake ni shilingi 572,000. Bei ya kompyuta inayofaa tuliiweka kuwa shilingi 1,400,000. Wanachuo walinyamaza kidogo walipoona kwamba kwa mshahara peke yake kompyuta ingejilipa baada ya takriban miaka miwili na nusu. Walitazamia miezi mitatu.

Niliwaambia kwamba ukweli huo usifichwe. Miaka miwili na nusu si hoja mbaya kwa chombo kinachotazamiwa kudumu miaka minne au mitano, lakini haitoshi kusimama peke yake. Hoja yenye nguvu zaidi ilikuwa ya taarifa ya mwisho wa mwezi, ambayo makao makuu huitumia kuagiza saruji na mabati. Katika miezi mitatu iliyopita taarifa hiyo ilichelewa mara mbili, na mwezi wa tatu iliwahi kwa sababu tu ilimalizwa usiku nyumbani. Mhasibu alitaka kuongeza kwamba kampuni imepoteza wateja. Tulimwuliza kama anao ushahidi, hakuwa nao, sentensi ikafutwa.

Barua yenyewe

Baada ya kazi hiyo yote, barua iliandikwa kwa muda usiozidi nusu saa. Nainukuu hapa bila anwani zake:

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KOMPYUTA MPAKATO KWA KAZI ZA HESABU

Naomba kompyuta mpakato ninayotumia ibadilishwe, kwa kuwa haimudu tena kazi tatu ninazotakiwa kuzifanya: kuingiza mauzo ya kila siku, kulinganisha mauzo na orodha ya bohari, na kuandaa taarifa ya mwezi inayotakiwa makao makuu kila tarehe 5.

Kwa siku tano za kazi nimeandika kila muda niliongoja (Kiambatisho A). Baada ya kutoa muda nilioutumia kwa kazi nyingine, na muda ambao kompyuta ya mwenzangu pia huuchukua kwa kazi hizohizo, unaopotea ni dakika 26 kwa siku, au saa 9 na dakika 32 kwa mwezi wa siku 22. Katika miezi mitatu iliyopita taarifa ya mwezi ilifika tarehe 6, tarehe 7, na tarehe 5. Hiyo ya tarehe 5 niliimaliza nyumbani usiku.

Chanzo si mtandao, kwani faili likiwa ndani ya kompyuta huchelewa vilevile. Fundi ameona kwamba kumbukumbu ni ndogo na haiwezi kuongezwa, betri imekwisha, na kompyuta haiwezi kuwekewa Windows 11 (Kiambatisho B).

Kwa kazi hizi inatosha kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, diski ya elektroniki ya gigabaiti 512, na betri ya kuvuka katizo la umeme la saa mbili au zaidi. Nimeambatisha ankara kifani tatu (Kiambatisho C). Endapo fedha haitapatikana katika robo hii ya mwaka, naomba angalau diski ibadilishwe. Hilo litapunguza muda wa kuwasha na wa kufungua faili, lakini halitazuia kuganda ninapolinganisha mafaili mawili.

Kompyuta ya sasa bado inafaa kwa kuandika barua, na inaweza kupewa matumizi mengine yasiyo ya hesabu.

Naomba nafasi ya dakika kumi nikuoneshe kazi hizi zikifanyika, siku yoyote utakayoichagua.

Wako mtiifu,
Mhasibu Msaidizi

Mwalimu aone mambo matatu. Ombi limetajwa katika sentensi ya kwanza, halikuachwa mwishoni. Kompyuta inayotakiwa imeelezwa kwa sifa zinazotokana na kazi, wala haikutajwa kampuni inayoitengeneza. Hivyo hakuna atakayedhani kwamba mwandishi ana duka lake. Na njia mbadala imetolewa pamoja na mipaka yake, ili meneja akiichagua ajue anachokipata na anachokikosa.

Meneja alimwita baada ya juma moja. Hakuuliza habari za kichakato wala za diski. Aliifungua karatasi ya vipimo, akaweka kidole juu ya zile dakika 10, akauliza kwa nini amezitoa. Mhasibu akajibu kwamba wakati huo alikuwa akipanga stakabadhi, kwa hiyo hazikupotea. Meneja akaisaini barua, ununuzi ufanyike robo iliyofuata. Hadi hapo diski ilibadilishwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, mtu aliyejipunguzia madai bila kulazimishwa aliaminika katika yaliyobaki.

Kusahihisha na kuendesha somo

Somo hili linahitaji vipindi vitatu. Cha kwanza ni cha kuichambua barua iliyokataliwa, wanafunzi wakiwa wamekaa katika kiti cha meneja. Cha pili ni cha hesabu. Shule isiyokuwa na kompyuta itumie takwimu zilizotolewa hapa, na mwalimu wa hisabati akaribishwe. Cha tatu ni cha kuandika.

Kwa alama 20, napendekeza umbo lipewe 4, maelezo ya kazi 4, vipimo na hesabu 6, ombi na njia mbadala 4, na lugha 2. Wapo wenzangu wanaolalamika kwamba lugha imepewa kidogo mno. Uzoefu wangu ni kwamba mwanafunzi mwenye jambo la kusema huandika sentensi fupi na safi, na yule asiye na jambo ndiye anayezirefusha kwa «mno», «sana» na «mkubwa zaidi».

Katika kusahihisha, kila penye neno la namna hiyo mwalimu aandike pembeni swali moja: kiasi gani? Mwanafunzi akiweza kulijibu, aliweke jibu mahali pa neno. Asipoweza, alifute neno hilo, au arudi kwenye saa yake akapime.